Ukianza dawa za presha, huachi?

Muuguzi wa kliniki ya presha anajibu

Swali: Mume wangu aliacha vidonge, presha ikapanda kuliko mwanzo. Si ndiyo uraibu huo?

Hapana. Juzi kaja mzee mmoja, dereva wa lori, mwenye hoja hiyohiyo. Alianza na 178/104. Baada ya mwezi wa amlodipini miligramu 5 kila siku akafika 136/84, akajiona mzima, akaacha. Wiki tatu baadaye tukapima 180/106, akalalamika kuwa mwili umeshazoea dawa. Hizo namba zinapishana kidogo mno. Hata ukipima mara mbili asubuhi moja zinaweza kutofautiana hivyo. Presha yake ilirudi palepale ilipokuwa, kwa sababu kidonge huituliza tu, hakiiondoi. Mraibu hutamani kitu na huongeza kipimo ili apate raha ileile. Sijawahi kuona mtu akiitamani amlodipini. Kazi yetu kubwa ni kuwakumbusha wameze!

Ila zipo dawa chache, kama atenololi, ambazo ukizikatisha ghafla moyo huenda mbio na presha hupanda kwa kasi. Huo pia si uraibu, lakini dawa hizo hupunguzwa polepole, kwa maelekezo ya daktari.

Swali: Jirani alimeza miaka mingi, sasa anasafishwa damu. Dawa hazikumuua figo?

Kinachoua figo mara nyingi ni presha yenyewe. Ndani ya figo mna vimishipa vyembamba vinavyochuja damu. Presha ikivisukuma mwaka hadi mwaka hukakamaa, vikaanza kuvujisha protini kwenye mkojo. Haviumi. Wengi huanza dawa uharibifu ukiwa umeshaanza, kisha lawama zote hubebeshwa kidonge kwa kuwa ndicho kinachoonekana. Losatani hupunguza mgandamizo ndani ya vichujio hivyo, ndiyo maana mgonjwa anayevujisha protini hupewa.

Hofu nyingine huzaliwa maabara. Wiki za mwanzo za losatani, kreatinini inaweza kupanda kidogo, tuseme kutoka 90 hadi 105, kisha ikatulia. Hilo tunalitarajia. Ikipanda kwa zaidi ya asilimia 30, daktari huchunguza upya. Ndiyo sababu tunapima damu kabla ya kuanza na wiki moja au mbili baadaye. Ukiharisha na kutapika sana, piga simu kliniki siku hiyohiyo. Huenda ukaambiwa uisimamishe losatani kwa muda. Mjamzito haimfai kabisa.

Swali: Miguu imevimba tangu nianze amlodipini. Figo?

Mara nyingi ni amlodipini kutanua mishipa, maji yakashukia vifundoni. Hata hivyo njoo tupime mkojo na damu. Kipimo kinaweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa. Njoo pia na vidonge vyote unavyomeza. Mara nyingi mfukoni nakuta diklofenaki ya mgongo, inayomezwa kila siku bila kuandikiwa. Hiyo hupandisha presha na kuumiza figo kwelikweli, na hakuna anayeiogopa.