Bukavu: Seva ya ofisi hupotea pamoja na ofisi

Februari 2025, M23 ilipokuwa ikiingia Bukavu, maghala ya PAM yaliporwa. Mkuu wa informatiki anayeliandikia baraza la uongozi hapa mjini ana hoja iliyo wazi: mwizi akibeba seva, barua-pepe na mafaili ya miaka yote yameenda. Yakiwa kwenye klaudi, yanabaki.

Lakini barua hiyo isifiche ugumu. Kupandisha gigabaiti 500 kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua karibu siku tano, umeme wa SNEL usipokatika. Mafaili yatangulie, barua-pepe ifuate.

Na intaneti ikizimwa, klaudi haifikiki. Kwa hiyo nakala za kazi za kila siku zibaki pia kwenye kompyuta za wafanyakazi.