Abonema ya kinu: faranga zinaongezeka, nguvu yake inapunguka

Mwanzo wa mwaka 2023, dola moja ilikuwa karibu 2 000 FC. Mwisho wa mwaka ule ilipita 2 600. Kooperative iliyoacha bei ya abonema vilevile ilipoteza feza bila mwizi kuingia.

Tuchukue mfano. Wamemba 60 wanalipa kila mmoja 6 000 FC kwa mwezi ili wasage mahindi ya nyumbani. Sanduku linapata 360 000 FC. Kwa kiwango cha 2 000, hiyo ni dola 180. Kwa 2 600, faranga ni zilezile, lakini ni dola 138 tu. Siku mukaba wa mashini unakatika, njo munajua.

Tupandishe namna gani? Tusizidishe bei yote. Kwanza tutenganishe matumizi. Hapa, katika kila 6 000 FC, 3 600 ni za mazuti na piesi, vitu vinavyofuata dola. 2 400 ni za mulinzi, anayelipwa kwa faranga. Dola imepanda kutoka 2 000 mpaka 2 600, kwa hiyo tunafanya 3 600 × 2 600 ÷ 2 000 = 4 680. Tunaongeza 2 400 ya mulinzi: 7 080. Bei mpya ni 7 000 FC. Mulinzi naye akiongezewa mushahara, sehemu yake inahesabiwa upya.

Tunashauri kamati iangalie kiwango kila miezi mitatu, na ibadilishe bei kama dola imesogea zaidi ya 10 kwa mia. Itangaze mwezi mmoja mbele, na hesabu iandikwe ukutani. Dola ikishuka, bei nayo ishuke. Bila hiyo wamemba hawatawaamini tena. Mwenye deni la miezi ya nyuma alipe kwa bei ya siku anayolipa, kama mukutano mukubwa umekubali.

Katika kitabu cha sanduku, muongeze nguzo mbili: kiwango cha kambisti wa soko lenu siku ile, na dola (faranga ÷ kiwango). Musingoje mwisho wa mwezi.

Nguzo hizo zinaonyesha kitu ambacho faranga zinaficha. Tuseme kisha kupandisha, watu 52 tu ndio wamelipa: 52 × 7 000 = 364 000 FC. Mukitazama faranga, mumepata 4 000 zaidi kuliko zamani. Lakini ni dola 140. Kama wote 60 wangelipa, ingekuwa karibu dola 161. Hapo shida si bei tena, ni wale wanane. Mukipandisha mara ingine, mutafukuza wengine. Muende muwaulize. Kama hawana feza mbele ya mavuno, mupokee mahindi yao kwa bei ya soko ya siku ile, muyapime mbele yao, na muyaandike kitabuni.

Na faranga zisilale sandukuni: mununue mazuti ya mwezi juma lile lile.