Porrima: Nyota Moja au Mbili?

Ubavuni mwa boksi la darubini ya jirani yangu pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakuza mara 525. Namba hiyo si ya uongo. Darubini ina fokasi ya milimita 700. Ukigawa kwa lenzi ya jicho ya milimita 4 unapata 175, na ukipachika ile lenzi ndogo ya kuzidisha mara tatu, unafika 525. Jirani alikuwa amepachika zote, akaielekeza kwa Porrima, nyota ya kundi la Mashuke ambayo mwezi wa Mei, saa tatu usiku, huku kwetu huwa karibu na utosi.

“Mwalimu, umesema ni mbili,” akaniambia. “Mimi naona uji.”

Ulikuwa uji kweli: doa la mwanga lililofifia, linalotikisika kila mtu akihama mguu. Nikamwomba achomoe lenzi ya kuzidisha. Kwa ukuzaji wa mara 175 zikaonekana nyota mbili zenye mng’ao karibu sawa, zimesimama bega kwa bega, na uzi mweusi kati yao. Tulipunguza ukuzaji, tukaona zaidi.

Kosa la boksi ni kutangaza namba isiyo na kazi kubwa na kuificha yenye kazi. Kinachoamua kama darubini itatenganisha nyota mbili ni upana wa lenzi ya mbele, au wa kioo kama ni darubini ya kioo. Ya jirani ina milimita 60.

Nyota iko mbali mno hata kuwa na umbo machoni mwetu. Kwa haki ingeonekana nukta tupu. Lakini mwanga ni mawimbi, na mawimbi yakipita kwenye uwazi hutanuka yakishavuka, kama ya bahari yanavyofanya kwenye mlango wa mwamba: mlango ukiwa mwembamba, hutanuka zaidi ndani. Lenzi ya mbele ndiyo mlango wenyewe. Kwa hiyo ile nukta hugeuka kuwa kisahani kidogo cha mwanga, kimezungukwa na pete hafifu, na kati ya kisahani na pete ya kwanza pana mduara mweusi. George Airy wa Uingereza alikokotoa umbo hilo mwaka 1835. Ukubwa wa kisahani hautokani na nyota. Unatokana na darubini: lenzi pana, kisahani kidogo, lenzi finyu, kisahani kikubwa. Ukuzaji hukikuza kisahani hicho hicho pamoja na jirani yake, na kama vimeshalaliana, utaviona vimelaliana kwa ukubwa zaidi na kwa mwanga hafifu zaidi.

Vikilaliana kiasi gani ndipo tuseme bado ni viwili? Mwaka 1879 Lord Rayleigh aliweka kipimo ambacho hadi leo kinafundishwa: nyota mbili zimetengana kwa shida wakati kitovu cha kisahani kimoja kinapoangukia juu ya mduara mweusi wa kwanza wa kingine. Hapo mwanga wa katikati huwa umeshuka kwa takriban robo kulinganisha na vilele viwili, na jicho linaweza kuushika mshuko huo. Kwa fomula:

θ = 1.22 λ / D

λ ni urefu wa wimbi la mwanga, na D ni kipenyo cha lenzi. Tuchukue mwanga wa kijani, wenye wimbi la milimita 0.00055, kisha tugeuze jibu liwe katika sekunde za pembe. Sekunde hizi si za saa: digrii moja ina dakika 60, na kila dakika sekunde 60. Sentimita moja ikitazamwa kutoka kilomita mbili ina upana wa sekunde moja hivi. Hesabu yote hujikusanya kuwa jambo rahisi: gawa 138 kwa kipenyo cha milimita. Lenzi ya 60 inatenganisha sekunde 2.3. Porrima kwa sasa zimeachana takriban sekunde 3.5, ndiyo maana jirani alifaulu.

Asingefaulu mwaka 2005. Nyota hizo mbili huzungukana kwa miaka 169 katika njia iliyorefuka sana, na mwaka ule zilikuwa zimekaribiana hadi kama sekunde 0.4. Gawa 138 kwa 0.4 na utaona kwamba ilitakiwa darubini ya milimita 345. Mkaribiano wa kabla ya huo ulikuwa mwaka 1836. John Herschel alikuwa Rasi ya Tumaini Jema akiipima anga ya kusini, akiwa na darubini ya kioo cha sentimita 46, na Porrima aliyoijua kuwa ni mbili akaiona moja. Kule Dorpat, Estonia ya leo, Wilhelm Struve alikuwa na lenzi ya sentimita 24 tu, lakini nzuri kupindukia, iliyotengenezwa na Fraunhofer. Yeye aliiona nyota imerefuka.

Kisa hiki nakipenda kwa sababu kinaonyesha mipaka ya fomula kwa pande zote mbili. Kwa karatasi, kioo cha Herschel kingetosha, lakini karatasi haina hewa. Hewa ikichemka, kama ile inayocheza juu ya jiko la mkaa, huvuruga kisahani hata kwenye kioo kikubwa. Na kwa karatasi, lenzi ya Struve ilikuwa imeshavuka mpaka wake wa sekunde 0.57, lakini kabla nyota mbili hazijawa moja kabisa hupitia umbo la namba nane, kisha la yai. Kasisi William Dawes, baada ya kujaribu darubini nyingi kwa jicho lake, alipata namba kali kuliko ya Rayleigh, yaani 116 mahali pa 138. Rayleigh mwenyewe alijua kipimo chake kimechaguliwa kwa urahisi wake. Tena kinahusu nyota zenye mng’ao unaolingana. Mwenzake hafifu wa Siriasi huweza kuwa mbali naye kwa sekunde kumi, na bado akafunikwa na ule mwanga mkali.

Tahadhari moja kuhusu yai: darubini mbovu hutoa mayai kwa kila nyota. Ukiona umbo hilo, geukia nyota nyingine ya jirani. Nayo ikiwa yai lililolalia upande ule ule, lawama ni ya lenzi. Au sogeza fokasi kidogo mbele na nyuma. Yai likigeuka kutoka kusimama hadi kulala, hiyo si nyota pacha.

Usiku ule jirani hakuridhika na hesabu. Tukachukua kifuniko cha boksi la viatu, tukakata tundu la milimita 30 katikati, tukakifunga mbele ya lenzi. Kwa tundu hilo mpaka ni sekunde 4.6, na Porrima ina 3.5. Aliinama akatazama kwa muda. Ukuzaji ulikuwa ule ule wa mara 175, nyota zile zile, ila sasa alikuwa na kidonge kimoja kinene, kimerefuka kidogo. Akatanua tundu kwa mkasi hadi 40, ambapo mpaka ni karibu 3.5 kamili. Hewa ilikuwa ikitulia na kuchafuka. Ikitulia, kiuno cheusi kilijitokeza katikati ya kidonge, ikichafuka, kilipotea.

“Sasa ni mbili,” akasema. “La, moja. Subiri… mbili.”