Maswali Saba Kabla ya Kuanza Mazoezi

Akina mama wa kikundi wanapokubaliana kuanza kutembea kila asubuhi, jambo la kwanza kuulizwa huwa ni viatu. Viatu vina maana yake, lakini kwa mtu aliyekaa miaka kumi au kumi na mitano bila mazoezi yapo maswali yanayotangulia viatu. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa afya huko Kanada walitunga orodha fupi ya maswali ambayo mtu hujiuliza mwenyewe, na akijibu "ndiyo" hata mara moja, humwona daktari kwanza. Orodha hiyo ilienea katika nchi nyingi. Iliwekwa kwa ajili ya watu wa miaka 15 hadi 69. Aliyepita umri huo na hajazoea mazoezi hushauriwa kumwona daktari hata kama hana la kulalamikia.

Maswali yenyewe, kwa maneno yetu, ni haya. Je, daktari amewahi kukuambia kwamba una ugonjwa wa moyo? Je, kifua hukuuma unapofanya kazi ya nguvu? Je, katika mwezi uliopita kimekuuma ukiwa umepumzika? Je, hupata kizunguzungu cha kukuyumbisha, au huzimia? Je, una goti, nyonga au mgongo ambao mazoezi yanaweza kuuzidishia maumivu? Je, unatumia dawa ya shinikizo la damu au ya moyo? Je, iko sababu nyingine unayoijua, kama vile mimba au kisukari?

Kuyasoma ni kazi ya dakika mbili. Kuyajibu ndiko kwenye ugumu, hasa swali la pili na la nne.

KIFUA

Tumfikirie mama wa miaka 52, ambaye hedhi yake ilikoma miaka mitatu iliyopita. Anajibu swali la pili kwa "hapana," wala hasemi uongo, maana kifua chake hakiumi. Lakini kila anapotoka sokoni na kapu kichwani, akifika katikati ya kilima, husikia kitu kizito chini ya mfupa wa kifua, kama mtu aliyefungwa kanga kwa nguvu mno. Hutua kapu, husimama dakika tatu au nne akisalimiana na wapitaji, kisha uzito ule huondoka naye huendelea na safari. Yeye huita hiyo gesi, na akifika nyumbani hunywa soda apate kucheua.

Mama huyu alipaswa kujibu "ndiyo." Maumivu ya moyo mara nyingi si kuchomwa wala kukatwa. Watu husema wamebanwa, wamelemewa, au wanaungua ndani. Kwa wanawake pengine kifua hakitajwi kabisa: husikika kwenye taya, shingoni, katika mkono au mgongoni kati ya mabega, au huja kama kukatika pumzi, kichefuchefu na uchovu usiolingana na kazi iliyofanyika.

Kwa hiyo usijiulize tu kama kifua kinauma. Jiulize: je, huja ninapojitahidi na kuondoka ninapopumzika? Hilo ndilo la kutazama. Mishipa inayoulisha msuli wa moyo ikiwa imepungua upana, damu inayopita hutosha mtu akiwa ameketi, lakini haitoshi akipanda kilima. Moyo hulalamika, mtu husimama, mahitaji hupungua, na malalamiko huisha. Madaktari huita hali hiyo anjaina. Kiungulia hakina desturi hiyo. Hufuata chakula, huzidi mtu akiinama au akilala, wala hakijui kilima. Maumivu yanayoongezeka ukibonyeza mbavu kwa kidole, au ukigeuza kiwiliwili, mara nyingi ni ya misuli. Hata hivyo dalili hizi hazitoshi kukuruhusu ujiandikie hukumu mwenyewe. Ukiwa na shaka, jibu ni "ndiyo."

Mama yetu akienda hospitali asiseme tu, "Nina gesi." Aeleze habari ya kilima: huanzia wapi, hudumu dakika ngapi, huondoka vipi, na kama siku hizi huja mapema kuliko zamani. Maelezo hayo humsaidia daktari sana. Atapima shinikizo la damu na sukari, na pengine kipimo cha umeme wa moyo. Jambo moja afahamu: kipimo hicho kikifanywa akiwa amelala kitandani kinaweza kutoka kizuri kabisa, ilhali tatizo lipo. Ndiyo maana maelezo ya kilima hayaachwi, na daktari anaweza kumpeleka hospitali kubwa apimwe moyo ukiwa kazini.

Yapo pia mambo ya kutongojea miadi. Uzito wa kifua usioondoka kwa kupumzika dakika kumi, au unaokuja pamoja na jasho la baridi, kutapika au kukatika pumzi, ni wa kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na mgonjwa asiendeshe gari mwenyewe. Uzito unaoanza kuja mtu akiwa ameketi tu, naye mwanzo ulimjia kilimani, usingojee kesho.

KIZUNGUZUNGU

Neno hili tunalitumia kwa mambo matatu tofauti. La kwanza ni giza la macho mtu anapoinuka ghafla, kwa mfano baada ya kupiga magoti kwa muda mrefu kanisani. Shinikizo la damu hushuka kwa muda mfupi. Huwapata zaidi wanaotumia dawa za shinikizo, hasa zile za kukojosha, na wenye upungufu wa damu. Mama mwenye hedhi nyingi, anayehema kwa kupanda ngazi chache, apimwe damu kabla ya kulaumu kukosa mazoezi.

La pili ni nyumba kuzunguka mtu anapojigeuza kitandani. Hilo mara nyingi hutoka sikio la ndani. Si la moyo, lakini linaweza kumwangusha barabarani, kwa hiyo litibiwe kwanza.

La tatu ndilo la kuogopwa: kuzimia, au kukaribia kuzimia, katikati ya kazi ya nguvu. Mtu wa namna hii asianze mazoezi yoyote, hata ya polepole, mpaka moyo wake uchunguzwe.

Anayetumia dawa za shinikizo asiziache ili apate kujibu "hapana." Apeleke pakiti kwa daktari na kuuliza. Baadhi ya dawa, kama atenololi, huuzuia moyo kwenda mbio, hivyo kuhesabu mapigo hakumwambii kwa usahihi amejitahidi kiasi gani. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aulize pia habari ya mazoezi siku za kufunga, maana sukari inaweza kushuka njiani.

Na aliyejibu "hapana" kwa yote saba, kwa kweli? Aanze na dakika kumi za kutembea mahali tambarare, akipunguza mwendo dakika mbili za mwisho badala ya kusimama ghafla. Kipimo cha mwendo hakihitaji saa: aweze kuzungumza na mwenzake sentensi nzima, lakini asiweze kuimba pambio. Akishindwa kuzungumza, apunguze. Baada ya wiki moja au mbili anaweza kuongeza dakika tano. Siku ya homa apumzike. Na maswali haya hayajibiwi mara moja yakaisha: akianza dawa mpya, au kilima kikianza kumbana, ayarudie yote.