Anaondoka kabla hajaachwa

Tuchukue mfano wa kubuni: mwanamke wa miaka 35, muuza viazi katika soko la Mahoko, wilayani Rubavu. Ameachana na wachumba watatu. Kila mara mambo huharibika familia zikikaribia kukutana kwa ajili ya posa. Ghafla mwanamume anaonekana mzembe, hafai, na simu zake hazipokelewi tena. "Mimi sihitaji mtu," anasema, akicheka.

Mwanasaikolojia hakimbilii kusema ana bahati mbaya. Anauliza: kitu gani hutokea kabla tu ya kuvunjika? Hapa jibu ni ukaribu. Kisha anarudi utotoni. Julai 1994, akiwa na umri wa miaka minne, alivushwa mpaka kwenda Goma na shangazi yake, mama akapotelea kwenye umati. Walikutana tena baada ya wakimbizi kurejea, mwishoni mwa 1996. Anakumbuka kwamba hakulia. Mama aliponyoosha mikono, yeye alishika kanga ya shangazi.

Jinsi mtoto anavyomshikilia mlezi si jambo la vitabu vya Ulaya tu. Mary Ainsworth alianza kulichunguza Uganda, katika vijiji vya karibu na Kampala, mwaka 1954 na 1955. Baadaye, kule Baltimore, alieleza watoto ambao mama akirudi humkwepa, kana kwamba hawakumhitaji.

Kutokana na hayo, mtaalamu anaandika dhana yake: mgonjwa anatamani kupendwa, lakini kila anayemkaribia huamsha hofu ya kuachwa. Ili asiihisi hofu hiyo, anaikana haja yake. Dharau iliyomo ndani yake anambandika mchumba: "Yeye ndiye asiyenijali." Mwisho anaondoka yeye kwanza, maana anayeondoka ana uchungu mdogo kuliko anayeachwa. Kinga hizi zilimfaa mtoto kambini. Sasa zinamnyima ndoa.

Dhana nzuri hutabiri. Mtaalamu anapotangaza likizo ya wiki mbili, anatarajia mgonjwa atakosa miadi ya mwisho kabla ya likizo. Akikosa kweli, kisha akarudi akisema alikuwa na kazi nyingi, ndipo anapoulizwa kwa upole kama likizo ile ilimkera. Akijibu, "Nilikasirika, nikaona nisije," tiba imeanza. Asipokosa, dhana irekebishwe.

Hapo ndipo wataalamu wengi hupotea, kwa maoni yangu: wanaipenda hadithi yao kuliko mgonjwa. Utoto wa taabu haumfungi kila mtu, na wengi waliopitia Goma wameoana wakadumu. Pia huenda mchumba wa pili alikuwa akimpiga. Kumkimbia mtu wa namna hiyo si kinga ya nafsi, ni akili timamu. Kwa hiyo swali la kipigo huulizwa kabla ya swali la utoto, na anayepigwa aende kwanza kituo cha Isange katika hospitali ya wilaya.