B Nne na F Moja Hazizai C

Katika mtihani wa Kidato cha Nne nchini Tanzania, A ni alama 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni 0 hadi 29. Ziangalie tena namba hizo. B imepewa nafasi ya alama 10 tu, C imepewa 20, na F imebeba 30. Lakini ukifika wakati wa kujumlisha, A huhesabiwa pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5, kana kwamba ngazi zote zina kimo kimoja.

Tuchukue wanafunzi wawili, Neema na Juma, waliofanya majaribio matatu ya Kiswahili. Neema alipata 75, 65 na 45, yaani A, B na C. Pointi zake ni 6, wastani 2, kwa hiyo anaandikiwa B. Juma alipata 74, 64 na 64, yaani B, C na C. Pointi zake ni 8, wastani 2.67, na ukiukadiria anaandikiwa C. Sasa rudi kwenye alama zenyewe: Neema ana jumla ya 185, Juma ana 202. Kwa wastani wa alama, Juma ndiye mwenye B na Neema ndiye mwenye C! Mwalimu hakukosea kujumlisha. Alama zilipogeuzwa kuwa herufi, sehemu ya habari ilipotea, na hesabu iliyofuata haikuweza kuirudisha. Hata daraja la katikati lisingewasaidia hapa. Penye alama, tafuta wastani wa alama kwanza, herufi ije mwisho.

Kazi nyingine, hata hivyo, hazina alama nyuma yake. Insha au mradi husomwa na kuwekwa kwenye kiwango, kama vile vinne vilivyozoeleka katika mtaala wa umilisi wa Kenya: kuzidi matarajio, kufikia, kukaribia na kuwa chini yake. Tunajua kiwango kipi kiko juu ya kipi, lakini hatujui kimekizidi kwa kiasi gani. Mwaka 1946 mwanasaikolojia Mmarekani S. S. Stevens alieleza kwamba vipimo vya namna hii vinatupa mpangilio tu, na kwamba kipimo cha kati kinachovifaa ni mediani. Wataalamu wamebishana naye tangu hapo, na wapo wanaoona wastani unavumilika iwapo kazi ni nyingi. Lakini mwanafunzi mmoja mwenye kazi tano au saba hana wingi huo.

Mediani hupatikana kwa kupanga madaraja kutoka la juu hadi la chini, kisha kuchukua la katikati. Mwanafunzi ana B, B, B, B na F moja ya insha ambayo hakuileta kwa sababu aliugua. Pointi ni 13, wastani 2.6, na ripoti inasema C. Mtoto huyo hajawahi kuandika insha ya C hata siku moja. Ukipanga, daraja la tatu ni B, na hiyo ndiyo kazi yake. Tena, hata ukiipa F pointi 5 au 50, mediani haibadiliki. Madaraja yakiwa shufwa na ya katikati yakawa B na C, usiyagawe. Tazama kazi za karibuni ndipo uamue.

Kuna mahali mediani nayo huchelewa. Mwanafunzi anayejifunza stadi moja amepata, kwa kufuata tarehe, F, F, D, C, B, B, B. Wastani unatoa C, mediani nayo C. Modi, yaani daraja lililojirudia zaidi, ni B, nayo ndiyo inayoeleza anachoweza leo. Lakini ukiugeuza mfuatano huohuo ukaanza na B na kuishia F, modi bado ni B, ilhali mtoto anaporomoka. Kwa hiyo modi inaaminika pale tu stadi ni ileile, daraja limejirudia waziwazi, na tarehe zimeangaliwa.

Kwa darasa zima, hakuna daraja moja linalotosha. Darasa lenye A 10, C 1 na F 10 lina wastani wa C na mediani ya C, na ni mtoto mmoja tu aliyepata C. Anayesoma hiyo C peke yake hatajua kwamba nusu ya darasa inahitaji kufundishwa upya.

Mwalimu, weka madaraja yote kwenye ripoti kwa tarehe zake, na insha isiyoletwa iandike "hakuleta" badala ya F. Ukilazimika kutoa daraja moja, toa la katikati. Nawe mzazi, ukiona C, omba kuonyeshwa kazi zilizoizaa.