Pointi 20 zimetoka wapi? Jinsi divisheni ya kidato cha nne inavyopatikana

Ukifungua matokeo ya kidato cha nne ya NECTA, mbele ya kila namba ya mtahiniwa utaona AGGT na DIV. AGGT ni jumla ya pointi, na DIV ni divisheni inayotokana na jumla hiyo. Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe.

Kwanza alama zinageuzwa kuwa gredi: 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya hapo ni F. Kisha gredi inakuwa pointi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Ndiyo maana pointi chache ndiyo raha yenyewe.

Tuseme mwanafunzi amefanya masomo tisa. Kiswahili na Historia kapata B, Kiingereza, Jiografia, Uraia na Biolojia C, Kemia na Fizikia D, Hisabati F. Hapa ndipo wengi wanapochemka: wanajumlisha yote tisa, wanapata 29, wanasema ni divisheni ya nne. Hapana. Yanachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: 2+2+3+3+3+3+4 = 20. Divisheni ya kwanza ni pointi 7 hadi 17, ya pili 18 hadi 21, ya tatu 22 hadi 25, ya nne 26 hadi 33, na 34 au 35 ni sifuri. Kwa hiyo ana divisheni ya pili. F ya Hisabati haikumgusa kwenye jumla, lakini haijafutika: akitaka kusoma PCM kidato cha tano, itamsubiri mlangoni.

Sasa angalia kinachopotea njiani. Asha kapata 64 kwenye masomo yake saba bora. Zote ni C, pointi 21, divisheni ya pili. Juma kapata 65 kwenye manne na 45 kwenye matatu: B nne na C tatu, yaani 8+9 = 17, divisheni ya kwanza. Jumlisha alama zenyewe: Asha ana 448, Juma ana 395. Aliyezidi kwa alama 53 kawa nyuma kwa divisheni!

Hakuna aliyekosea kujumlisha. Gredi ni kama ngazi: 45 na 64 zimesimama kipandio kimoja, wakati 64 na 65 zimetenganishwa. Na kwa kuwa matokeo yanaonyesha gredi tu, si alama, pengo hilo hulioni. Kwa hiyo kabla hujamwambia mdogo wako kwamba mwenzake kamzidi, kumbuka divisheni inakuambia amevuka vipandio vingapi. Haikuambii alibakiza alama ngapi kufikia kinachofuata.